Nimekosa tenda ya kaunti na bei yangu ilikuwa chini. Siku 14 za PPARB zinahesabiwa kuanzia lini hasa?

MamaFundi_Nax | Alhamisi, saa 3:40 usiku

Wadau hamjambo. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua haya mambo, nimekaa na hii barua tangu juzi na silali.

Nina kampuni ndogo ya ujenzi. Tuliomba tenda ya kaunti moja ya kujenga zahanati, bei yangu ilikuwa milioni 37.9. Siku ya ufunguzi nilienda mwenyewe, nikakaa na daftari nikaandika bei ya kila mtu vile ilisomwa, tulikuwa watu sita. Juzi Jumanne tarehe 6 Mei imeili ikaingia, barua yenyewe imeandikwa tarehe 5, inasema zabuni yangu haikufaulu kwa sababu "hukuonyesha miradi miwili ya ujenzi wa hospitali ndani ya miaka mitano". Aliyeshinda ametajwa na bei yake imeandikwa milioni 39.6. Lakini kwa daftari yangu huyo jamaa alisomewa milioni 41.2! Nimeangalia mara kumi, sijakosea.

Na kitu ingine, hizo hati za zabuni zilitaka mtu awe na tingatinga yake mwenyewe kwa jina lake, si ya kukodisha, kwa kazi ya zahanati jamani. Hilo nalo naona lilikuwa la kumpendelea mtu.

Nimeambiwa kuna bodi Nairobi ya kupinga, PPARB, na ati siku ni 14. Nauliza, zinahesabiwa kuanzia tarehe ya barua ama siku niliipata? Na hizo sababu zangu zina nguvu ama napoteza pesa?

---

Jirani_wa_Lami | Alhamisi, saa 4:02 usiku

Pole sana mama. Mimi nimeomba tenda za barabara miaka kadhaa, ushauri wangu andika kwanza barua ya malalamiko kwa afisa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa ununuzi, uwape nafasi wajibu. Wakikataa ndio uende bodi. Siku 14 ni za kazi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi kwa hivyo uko na karibu wiki tatu, usiwe na presha.

---

Msafwa_Mbeya | Alhamisi, saa 4:15 usiku

Dada yangu huyo jirani yuko sahihi kwenye barua. Lazima uanze kwa afisa masuuli, yeye akitoa uamuzi usioridhika nao au akikaa kimya ndo unakata rufaa PPAA. Ukienda moja kwa moja wanakurudisha. Na sasa hivi malalamiko yote yanaingizwa kwenye mfumo wa NeST, makaratasi hakuna tena.

---

Kabrasha_Mzee | Alhamisi, saa 4:51 usiku

Naombeni mama asifuate hayo mawili ya juu, atapoteza haki yake.

Ndugu wa Mbeya unachosema ni kweli kwenu Tanzania, kule sheria inataka uanzie kwa afisa masuuli halafu ndio PPAA. Huku Kenya sheria ni ile ya ununuzi wa umma ya 2015, na kifungu cha 167 kinamruhusu aliyeomba zabuni aende PPARB moja kwa moja. Hakuna hatua ya kwanza ya lazima kwa kaunti. Unaweza kuandika barua, hakuna anayekukataza, lakini barua haisimamishi saa. Nilikaa ofisi za ununuzi miaka 19 kabla ya kustaafu na nimeona barua za malalamiko zikijibiwa kwa upole sana siku ya 15, "tumepokea hoja zako na tunazishughulikia", na hapo hakuna kitu mtu angeweza kufanya tena.

Jirani, siku 14 ni za kalenda. Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Kinachoruhusiwa ni kwamba siku ile tukio limetokea haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili ama sikukuu unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Zaidi ya hapo hakuna.

Sasa mama hesabu yako. Ulipata imeili Jumanne tarehe 6, hiyo unairuka, tarehe 7 ndio siku ya kwanza na ya 14 ni Jumanne tarehe 20. Lakini barua ni ya tarehe 5. Kaunti wakisema walikutumia siku hiyo hiyo, basi siku ya mwisho ni Jumatatu tarehe 19, na utaanza kesi kwa kubishana juu ya imeili iliingia lini badala ya kubishana juu ya zahanati. Hifadhi hiyo imeili na saa yake, usiifute, lakini usiitegemee. Lenga Ijumaa tarehe 16 uwe umewasilisha na umelipa. Ada lazima iambatane na rufaa, kwa hivyo usipeleke karatasi leo ukasema pesa kesho. Kiasi kinategemea thamani ya zabuni, wapigie sekretarieti ya bodi kesho asubuhi wakuambie yako ni ngapi.

Naandika sehemu ya pili, kuna jambo la hiyo tingatinga.

---

Jirani_wa_Lami | Alhamisi, saa 4:58 usiku

Asante mzee kwa kunirekebisha, nilikuwa najua ni siku za kazi. Labda ndio maana kuna moja yetu ilitupwa 2022 na hatukuelewa kwa nini.

---

Kabrasha_Mzee | Alhamisi, saa 5:37 usiku

Watu wengi wanadhani siku 14 ni moja kwa kila kitu, kuanzia barua ya kukosa. Sivyo. Kifungu kinasema ndani ya siku 14 tangu kuarifiwa matokeo AMA tangu kosa unalolalamikia litokee, katika hatua yoyote ya zabuni. Maana yake kila lalamiko lina saa yake.

Mama ana malalamiko matatu. La kwanza, kukataliwa kwa sababu ya miradi ya hospitali. Hilo amelijua kwa barua, saa yake imeanza kwa barua, iko hai. La pili, bei ya mshindi kubadilika kutoka 41.2 hadi 39.6, hilo pia amelijua kwa barua, liko hai. La tatu ni sharti la tingatinga, na hilo lilikuwa ndani ya hati za zabuni tangu siku alizipata. Alilisoma, akalikubali, akaweka zabuni yake, na sasa amekosa ndio analalamika. Bodi itamwambia ulijua tangu lini? Hati ulizichukua kabla ya kuweka zabuni, siku zako 14 za kupinga sharti ziliisha zamani. Nimeona hii ikirudiwa tena na tena na watu hawajifunzi, mtu anasoma hati, anaona kabisa sharti limekatwa kumtosha mwingine, anajiambia ngoja nione labda nitapita. Ukiona sharti baya unapinga wakati huo huo, kabla hata ya ufunguzi.

Kwa hivyo mama hiyo ya tingatinga uitoe. Ukiweka hoja iliyokufa pamoja na mbili zilizo hai, siku ya kusikizwa mawakili wa kaunti wataanza na iliyokufa na muda wako utaishia hapo.

Sasa hizo mbili. Nijibu kwanza: hati za zabuni zilisemaje juu ya uzoefu, neno kwa neno? Na wewe uliambatisha nini, ukurasa gani?

---

MamaFundi_Nax | Ijumaa, saa 12:20 asubuhi

Mzee Mungu akubariki, nimeamka saa kumi kutafuta. Hati inasema, natafsiri vile ilivyo: "mzabuni aonyeshe ushahidi wa kukamilisha angalau miradi miwili ya ujenzi wa majengo ndani ya miaka mitano iliyopita". Majengo. Hakuna mahali wameandika hospitali, nimesoma mpaka viambatisho. Mimi niliweka madarasa manne ya shule ya msingi na soko la wadi moja, vyeti vya kukamilisha kazi viko ukurasa wa 112 mpaka 131, vimepigwa mihuri na vina barua za kupewa kazi.

---

Kabrasha_Mzee | Ijumaa, saa 1:05 asubuhi

Basi hapo una hoja, na ni nzuri. Kifungu cha 80 kinasema tathmini ifanywe kwa taratibu na vigezo vilivyowekwa kwenye hati za zabuni, na si vingine. Kamati haiwezi kukaa chumbani ikaamua "majengo" maana yake hospitali. Kama walitaka hospitali wangeandika hospitali, na nyinyi nyote mngejua kabla ya kutumia pesa zenu.

Ukiandika usiseme "nilionewa". Weka maneno ya hati upande mmoja, maneno ya barua upande wa pili, halafu useme ukurasa wa 112 hadi 131 wa zabuni yangu. Bodi itaitisha faili ya siri kutoka kwa kaunti na watafungua zabuni yako yenyewe waende ukurasa huo. Wanakagua kwa macho yao. Hapo ndio utaona umuhimu wa zile namba za kurasa ambazo watu huzichukulia mchezo, manake ukisema "nimeambatisha" bila ukurasa na hakuna namba, nani atatafuta kwenye kurasa 300?

Ya bei nayo, kifungu cha 82. Bei iliyoandikwa kwa fomu ya zabuni na kusomwa siku ya ufunguzi ni ya mwisho, hairekebishwi, haipunguzwi, haiongezwi na mtu yeyote. Zamani kamati zilikuwa zinarekebisha makosa ya hesabu, sheria ya 2015 ikafunga huo mlango kwa sababu ndio ulikuwa unatumika kushusha bei ya mtu baada ya kuona za wenzake. Kama 41.2 imekuwa 39.6 kwenye barua basi ama walikosea kuandika ama wamerekebisha, na vyote viwili lazima wavieleze.

Lakini jiulize hoja hii inakusaidia wewe vipi. Hata kwa 41.2 jamaa anaweza kubaki mshindi kama wewe uko nje kwenye hatua ya kiufundi. Kwa hivyo ya uzoefu ndio nguzo, ya bei inasimama pembeni yake.

---

Kiboko_ya_Mchanga | Ijumaa, saa 2:11 asubuhi

Mama mimi nakuambia njia ya mkato. Tafuta mtu ndani akupigie picha ripoti ya tathmini yote, uone alama za kila mtu. Mimi 2021 nilipata yote kwa wasap, kurasa 40, nikaiambatisha. Hawakuwa na pa kujificha.

---

Kabrasha_Mzee | Ijumaa, saa 2:30 asubuhi

Kiboko na ilikwendaje hiyo kesi?

---

Kiboko_ya_Mchanga | Ijumaa, saa 2:44 asubuhi

Kusema ukweli waliitoa kwa faili. Wakasema ni hati ya siri na sikueleza niliipata wapi, wakaendelea na zile zingine na nikashindwa. Lakini angalau bodi iliiona.

---

Kabrasha_Mzee | Ijumaa, saa 3:02 asubuhi

Ndio hivyo. Kifungu cha 67 kinafunga habari za tathmini zisitoke, na bodi imeshafuta hati kama hizo mara nyingi. Unabaki na rufaa yenye shimo katikati, na yule aliyekupigia picha kazi yake iko hatarini. Aliyekosa anayo haki ya muhtasari wa tathmini, aombe kwa barua leo hii, kaunti ikikataa basi hilo nalo linakuwa lalamiko. Ripoti kamili iko kwa bodi kwenye faili ya siri, wao ndio wanaisoma. Huhitaji kuiba kitu ambacho mwamuzi analetewa mezani.

---

Dada_Saruji | Ijumaa, saa 5:48 asubuhi

Naongeza moja, yangu mwenyewe, ili isimpate mama. Tulienda bodi na tenda ya vifaa vya maji ya taasisi moja ya serikali, hoja zetu zilikuwa nzuri kabisa, wakili akaandika kurasa 20 za makosa ya tathmini. Upande wa pili wakaja na jambo moja tu, kwamba mahali popote kwenye rufaa hatukusema tumepata hasara ama tuko kwa hatari ya kupata hasara kwa sababu ya makosa hayo. Na kweli hatukuwa tumesema. Tulidhani kila mtu anajua mtu akikosa tenda amepata hasara! Ikatupwa hapo hapo, hoja hazikusikizwa hata moja. Nililia kwa gari.

---

Kabrasha_Mzee | Ijumaa, saa 6:10 mchana

Pole dada, na asante kwa kulisema. Hiyo inatoka kwa Mahakama ya Rufani kule Mombasa mwaka 2019, kesi ya Elroba iliyohusu tenda ya bandari. Mahakama ikasema kuwa mzabuni peke yake haitoshi, lazima udai kwenye rufaa yako kwamba umepata hasara au uko hatarini, na ionekane inatokana na kosa unalolalamikia. Mama weka aya yake peke yake, mapema kabisa: kaunti ilivunja kifungu cha 80 kwa kutumia kigezo kisichokuwemo, kwa hivyo mimi niliyekuwa na bei ya chini nimenyimwa nafasi ya kushindanishwa kwa bei, nimepoteza faida ya kazi hii na gharama za kuandaa zabuni. Sentensi mbili tatu zinatosha, mradi ziwepo.

Halafu angalia unamshtaki nani. Kifungu cha 170 kinataja wahusika, na kinasema afisa mhasibu wa taasisi, si taasisi peke yake. Andika afisa mhasibu kwa cheo chake, halafu kaunti, halafu aliyeshinda tenda. Ukimwacha mshindi nje utaambiwa umemhukumu mtu bila kumsikiza. Kuna rufaa zimewahi kutupwa kwa sababu ya hili la afisa mhasibu, ingawa mawakili bado wanabishana ni kosa la kuua kesi ama la kurekebishwa. Wewe usiwe wa kujaribiwa, waandike wote.

---

Mwana_wa_Ndege | Ijumaa, saa 8:25 mchana

Habari za saa hizi. Mimi kaunti inanidai, yaani mimi ndio nawadai, milioni 3 na nusu ya kupeleka viti na meza mwaka juzi, kazi walipokea wakasaini, malipo hakuna. Naweza kutumia hiyo bodi pia? Bado niko ndani ya siku 14 tangu waniambie tena nisubiri.

---

Dada_Saruji | Ijumaa, saa 8:40 mchana

Ndugu hapana, hiyo ni deni la mkataba. Bodi inaangalia vile mtu alivyochaguliwa, mkataba ukishasainiwa kihalali wao wametoka. Yako ni ya kudai kwa mkataba wenyewe, usuluhishi ama mahakama. Fungua uzi wako watu wakusaidie, ni shida ya wengi.

---

MamaFundi_Nax | Ijumaa, saa 11:15 jioni

Nimeandika yote kwa daftari. Nimepata wakili kijana hapa mjini, bei yake naweza. Lakini kuna jambo limenitia hofu, leo mtu wangu amepita kwa ile ploti na ameona mawe yamemwagwa na kuna watu wanapima. Wakisaini mkataba kabla sijafika si nimekwisha?

---

Kabrasha_Mzee | Ijumaa, saa 1:20 usiku

Usikwishe. Kifungu cha 135 kinakataza mkataba kusainiwa kabla ya siku 14 kupita tangu watu waarifiwe. Na kile kinachoiondolea bodi mamlaka ni mkataba uliosainiwa kulingana na hicho kifungu, si karatasi yoyote. Wakisaini siku ya 8 bodi inaukagua mkataba huo kwanza, na ukikutwa ulikimbizwa hauizuii bodi kuendelea. Mwambie mtu wako apige picha ploti na tarehe ionekane.

Ukishawasilisha, katibu wa bodi anaiandikia kaunti mara moja kwamba kuna rufaa na kila kitu kinasimama, ndio kifungu cha 168. Huhitaji kuomba amri ya kusimamisha, inakuja yenyewe. Hii ndio sababu nyingine ya kutongoja tarehe 19. Siku ya 15 asubuhi kama hakuna rufaa wanasaini, na mkataba wa siku ya 15 huwezi kuugusa pale.

Kaunti itapewa siku 5 kujibu na kupeleka faili. Bodi yenyewe ina siku 21 tu kumaliza kila kitu, kwa hivyo usitegemee kuahirisha. Siku hizi wanasikiza kwa mtandao, mtapewa linki. Wakili wako awe na ukurasa wa 112 tayari.

---

Msafwa_Mbeya | Ijumaa, saa 2:05 usiku

Nimejifunza kweli. Samahani dada kwa ushauri wa jana, nilijua sheria ziko sawa pande zote.

---

Mpakaji_Rangi | Jumamosi, saa 4:30 asubuhi

Mimi nauliza kitu kingine ambacho hakuna anayekigusa. Ukishawapeleka bodi, kesho utaomba tena tenda kwa kaunti hiyo hiyo na watu ni wale wale. Mimi niliwahi kushinda bodi, wakaamriwa kurudia tathmini, wakarudia, nikakosa tena kwa sababu mpya. Tangu hapo sijawahi kupata kitu huko, hata ya kupaka rangi choo. Mama ana uhakika anataka?

---

Dada_Saruji | Jumamosi, saa 5:10 asubuhi

Na ukinyamaza utapata? Mimi nilinyamaza miaka minne na sikupata pia.

---

Kabrasha_Mzee | Jumamosi, saa 6:02 mchana

Mpakaji hoja yako ni ya kweli na sitaki kuifunika. Kurudia tathmini na kuja na sababu mpya nimeona kwa macho. Kisheria ukipewa sababu mpya hiyo ni arifa mpya na una siku 14 mpya, na kamati inayopuuza amri ya bodi inajiingiza pabaya. Lakini pesa na nguvu za kwenda mara ya pili si kila mtu anazo. Hili mama aamue na familia yake, mimi siwezi kumwamulia.

---

Jirani_wa_Lami | Jumamosi, saa 8:00 mchana

Na kama kaunti wakifuta tenda yote wakati mama ako kwa bodi? Yetu ile ya 2022 walijaribu hivyo, wakasema hakuna bajeti.

---

Kabrasha_Mzee | Jumamosi, saa 9:14 alasiri

Wanaweza kuandika kwamba wamefuta, lakini kifungu cha 63 kina sababu zake zilizohesabika na utaratibu wake, wanatakiwa waziarifu pande zote na kutuma ripoti kwa mamlaka ya ununuzi, PPRA, ndani ya siku 14. Ati bodi haina mamlaka tenda ikifutwa, hiyo ni nusu ya kweli. Haina mamlaka ikifutwa KIHALALI, na kujua kama ni kihalali bodi lazima ikague kwanza. Ukisema bajeti hakuna, utaonyesha karatasi za bajeti. Wengi hushindwa hapo.

---

MamaFundi_Nax | Ijumaa tarehe 16, saa 10:50 jioni

Wadau, nimewasilisha. Nimetoka Nairobi saa hii, nakala tano zimefungwa na nyingine ya kompyuta, kila ukurasa una namba, risiti ya ada ninayo mkononi. Wakili alitaka kuweka tingatinga nikakataa, akaniuliza nani amekuambia, nikamwambia kuna mzee. Tuliweka aya ya hasara kuwa ya tatu. Afisa mhasibu, kaunti na mshindi wote wako.

Karani aliyepokea alihesabu kurasa moja moja mbele yangu, akapiga muhuri wa tarehe na saa. Nimeupiga picha huo muhuri.

---

Dada_Saruji | Ijumaa tarehe 16, saa 11:30 jioni

Mungu akutangulie mama. Turudishie habari.

---

MamaFundi_Nax | Wiki tatu baadaye, saa 3:15 usiku

Narudi kama nilivyoahidi. Uamuzi ulitoka siku ya 20.

Kwa uzoefu bodi imekubali. Wamesema hati zilisema majengo, vyeti vyangu vipo kurasa nilizotaja, na kamati iliongeza neno ambalo halikuwemo. Barua yangu ya kukosa na ya mshindi ya kupewa zote zimefutwa. Afisa mhasibu ameamriwa anirudishe kwenye tathmini ya kiufundi na wamalize kwa kufuata hati za zabuni peke yake, wamepewa siku 14.

Kwa bei, kaunti walisema 39.6 ni baada ya "kusahihisha hesabu". Wenyewe walisema! Bodi ikafungua fomu ya zabuni ya jamaa kwenye faili ya siri, ni 41.2 vile daftari yangu ilisema, wakasema hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Gharama kila mtu abebe zake.

Wakili wa kaunti alijaribu kusema nimechelewa, akahesabu kuanzia tarehe 5. Mwenyekiti akamwuliza ya mwisho basi ni lini, akasema 19, akaambiwa muhuri ni wa tarehe 16. Ikaishia hapo. Mzee nilikukumbuka.

Sasa nina swali moja. Jamaa aliyeshinda ametuma ujumbe kupitia mtu ati anaenda Mahakama Kuu. Anaweza?

---

Kabrasha_Mzee | Siku iliyofuata, saa 1:40 asubuhi

Hongera sana mama, nimefurahi mno.

Anaweza. Kifungu cha 175, ana siku 14 tangu uamuzi wa bodi, na asipoenda uamuzi unakuwa wa mwisho. Akienda, Mahakama Kuu ina siku 45 kuamua. Asiporidhika hapo kuna Mahakama ya Rufani, siku 7 za kuingia na 45 nyingine za kuamua. Mahakama ikipitisha muda wake bila kuamua, uamuzi wa bodi ndio unabaki. Mahakama ya Rufani ilishalisema hili wazi kwenye kesi ya Aprim mwaka 2021, kwamba hukumu iliyotoka baada ya siku 45 si hukumu.

Ila kuna jambo linanisumbua kwa upande wako, zabuni zenyewe zina muda wa kuishi. Angalia hati zilisema siku ngapi tangu ufunguzi na zinaisha lini. Tarehe hiyo ikipita huku mko mahakamani, kutakuwa na kubishana kama bado kuna zabuni ya kutathmini. Wakili wako amwandikie afisa mhasibu leo kuhusu kuongeza muda, na kuongeza ni mara moja tu, siku zisizozidi 30.

---

MamaFundi_Nax | Siku hiyo hiyo, saa 2:05 asubuhi

Zilikuwa siku 120 tangu ufunguzi. Nahesabu sasa hivi. Wakili nimeshampigia, hajashika, naelekea ofisini kwake.